Barua ya Wakala kutoka Ifo: Bima Isiyohesabu Mizoga



Mama zangu na dada zangu, swali ninaloulizwa kuliko mengine yote tangu tulipoanza kuandikisha watu katika mpango huu mpya wa takaful ya mifugo ni hili: "Mbuzi wangu akifa, mtanilipa shilingi ngapi?" Jawabu langu huwashangaza wengi, na baadhi yao huondoka hapo hapo. Hatulipi kwa sababu mbuzi amekufa. Tunalipa kwa sababu malisho yamekauka, awe mbuzi wako amekufa au yungali akilia nje ya boma. Aliyeielewa sentensi hiyo ameuelewa mkataba wote; na asiyeielewa, afadhali asitoe hata shilingi moja mpaka amalize kuisoma barua hii.

Naiandika nikiwa Ifo, kaunti ya Garissa, mahali palipojengwa kambi mwaka 1991 na ambapo wakimbizi na wenyeji wamekuwa wakiuziana mbuzi na maziwa kwa zaidi ya miaka thelathini. Najua kwamba wengi wanaoisoma wako Mombasa, Malindi, Lamu na Garsen. Lakini najua pia kwamba miongoni mwenu wapo wenye mbuzi wachache waliowaachia jamaa huku bara, na wapo watoto wanaotuma pesa kila mwezi kwa mama zao wafugaji, na kesho mama atapiga simu aulize: "Mwanangu, amekuja mtu wa bima, nimpe?"

Kwanza tuulize kwa nini bima hii haihesabu mizoga. Bima ya kawaida ya mnyama humtaka mtu wa kampuni aje, amwone mnyama aliyekufa, athibitishe ni wako na aandike sababu ya kifo. Kwa ng'ombe wa maziwa aliyefungwa zizini jambo hilo lawezekana. Kwa mbuzi aliyefia mwendo wa siku mbili kutoka barabarani, gharama ya safari ya mkaguzi hupita thamani ya mbuzi mwenyewe, na gharama hiyo ingelipwa na nani kama si nyinyi mnaochangia? Kwa hiyo wataalamu wakatafuta kitu kinachoweza kupimwa kwa mbali, kisichoweza kubishaniwa, na kinachofuatana na vifo vya mifugo. Wakachagua ukijani wa ardhi. Setilaiti hupita juu na kupiga picha za nchi yote, na kutoka katika picha hizo hujulikana majani ni mengi au machache kiasi gani katika eneo fulani. Kumbukumbu za picha hizo zimehifadhiwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa hiyo msimu wa leo huweza kulinganishwa na misimu ya nyuma ya eneo lilo hilo.

Kwetu kuna misimu miwili ya mvua. Wa kwanza ni wa Machi hadi Mei, ambao majirani zetu Wasomali huuita Gu; wa pili ni wa Oktoba hadi Desemba, uitwao Dayr. Chukua misimu yote ya Gu iliyohifadhiwa, uipange kuanzia ule wenye majani mengi hadi ule mkavu kabisa. Msimu wa mwaka huu ukiangukia katika fungu la tano la mwisho, yaani miongoni mwa misimu mibaya ambayo kwa wastani huja mara moja katika tano, mlango wa malipo hufunguka. Kadiri msimu unavyozidi kuwa mbaya kupita mlango huo, ndivyo malipo yanavyokua, hadi kufikia kiwango kamili kilichoandikwa katika mkataba. Usipofika mlangoni hakuna malipo, hata ukakosea kwa unyoya.

Sasa tupige hesabu ya nyumba moja. Tarakimu za mchango na bei nitakazozitaja ni za mfano tu. Za kweli zimo katika karatasi ya msimu husika, nazo hutofautiana kwa eneo.

Katika bima hii ng'ombe mmoja huhesabiwa kuwa kipimo kimoja, ngamia mmoja ni kipimo kimoja na sehemu nne za kumi, na mbuzi au kondoo kumi ni kipimo kimoja. Mama mwenye mbuzi ishirini, basi, ana vipimo viwili. Tuseme kila kipimo kimekingwa kwa shilingi 14,000 kwa mwaka, na mchango wake ni shilingi 1,500. Mama huyu atatoa shilingi 3,000, na kinga yake itakuwa shilingi 28,000 kwa mwaka mzima. Kwa wepesi wa hesabu tuzigawe sawasawa, shilingi 14,000 kwa kila msimu. Msimu wa Dayr ukaja mbaya, ukapita mlango na kufika nusu ya njia baina ya mlango na kiwango cha mwisho. Mama atapokea nusu ya 14,000, yaani shilingi 7,000, katika simu yake. Hatoulizwa mbuzi wangapi wamekufa, na jirani yake katika eneo lilo hilo aliyekinga vipimo viwili atapata 7,000 zile zile, hata kama yeye hakupoteza hata mmoja.

Je, shilingi 7,000 zinatosha? Hapa ndipo napenda tukae kidogo, kwa sababu wauzaji wengi wa bima huparuka. Robota moja la nyasi, tuseme lina kilo 15 na linauzwa shilingi 350. Shilingi 7,000 zitaleta marobota ishirini, kilo 300. Mbuzi mmoja wa huku huhitaji kama kilo moja ya chakula kikavu kwa siku ili abaki hai. Mbuzi ishirini watazimaliza kilo 300 kwa siku kumi na tano, nacho kiangazi cha Jilaal, kinachofuata Dayr, huchukua miezi. Mama akigawa nyasi hizo kwa wote atakuwa ameahirisha msiba wiki mbili tu. Lakini akichagua majike watano walio wazuri wa kuzaa na kukamuliwa, nyasi hizo hizo zitawalisha siku sitini. Waliobaki huwauza mapema, hasa madume yaliyohasiwa na wazee wasiozaa, kabla soko halijajaa wanyama waliokonda na bei kuporomoka. Mvua ikirudi, ana majike watano wenye nguvu, na kundi huanza upya bila ya kukopa.

Kwa hiyo msiichukulie pesa hii kuwa fidia ya mbuzi waliokufa. Ni pesa ya kuwahi. Hapo mwanzo, bima za namna hii zilipoanza Marsabit Januari 2010 chini ya Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, malipo yalikadiriwa kwa vifo na yalikuja mwisho wa kiangazi, wakati mifupa imeshatapakaa. Baadaye mkataba ulibadilishwa ili kipimo kisomwe wakati wa mvua wenyewe, na malipo yaje mwanzoni mwa kiangazi, mnyama angali na miguu ya kusimama. Kwa maoni yangu badiliko hilo ndilo lililoipa bima hii maana kwa mwanamke, kwani yeye ndiye anayebaki bomani na majike wanyonyeshao huku wanaume wakienda mbali na ngamia.

Nije katika swali la pili, ambalo kina mama huliuliza kwa sauti ya chini: ni halali? Swali hili ni la haki, na ndilo lililowazuia Waislamu wengi kujiunga bima hizi zilipokuwa za kibiashara tupu. Mwaka 1985, huko Jeddah, Baraza la Kimataifa la Fikihi ya Kiislamu liliamua kwamba bima ya kibiashara yenye mchango maalumu ina gharari kubwa, nayo haijuzu. Na kwamba mbadala unaokubaliana na sharia ni bima ya ushirika iliyojengwa juu ya tabarru na kusaidiana. Juu ya msingi huo ndipo takaful ilipojengwa. Hapa Kenya kampuni ya Takaful Insurance of Africa iliipeleka bima ya malisho kwa njia hiyo Wajir mwaka 2013, na Machi 2014 ikawalipa wafugaji zaidi ya mia moja wa huko baada ya mvua kukosekana.

Tofauti haiko katika jina tu. Rudi kwa mama yetu na shilingi zake 3,000. Katika bima ya kibiashara amenunua ahadi, na pesa zote zimekuwa za kampuni tangu alipozitoa. Katika takaful, sehemu yake moja, tuseme shilingi 900, ni ujira wa kampuni kwa kazi ya kuendesha mpango, na ndani yake mna ujira wangu mimi wakala; nasema hivi ili asiniamini mtu kupita kiasi, kwani kila anayejiandikisha kwangu napata kitu. Shilingi 2,100 zilizobaki anazitoa kwa nia ya tabarru katika mfuko wa wachangiaji, usiochanganywa na mali ya kampuni na usiowekezwa katika riba. Anayefikwa na ukame hulipwa kutoka humo. Mwaka ukiisha na mfuko una ziada, ziada hiyo si faida ya kampuni. Hurudishwa kwa wachangiaji au huwekwa akiba ya miaka migumu, kama mkataba ulivyosema. Someni sehemu hiyo ya mkataba, au msomewe, kwa sababu makampuni hayafanani.

Liko jambo jingine la kisharia ambalo si kila wakala huligusa. Ikiwa malipo hayafuati kifo cha mnyama, ni nini kinachomzuia mtu wa mjini asiye na hata kuku kununua kinga akingojea ukame apate pesa? Huo ungekuwa kamari juu ya mvua ya Mwenyezi Mungu. Ndiyo sababu simwandikishi mtu asiye na mifugo, wala simwandikii vipimo vitano mwenye mbuzi kumi. Mtoto aliyeko Mombasa anaweza kumlipia mama yake mchango, na ni wema mkubwa; lakini jina katika mkataba litakuwa la mama mwenye mbuzi, na idadi itakuwa ya mbuzi walioko.

Wengine huniambia: sisi tuna upatu wetu, na wenzetu Wasomali wana hagbad yao, mbona tusisaidiane humo? Endeleeni nayo, ni jambo jema. Upatu humfaa anayeuguliwa na mtoto huku wenzake tisa wako salama. Ukame hauji kwa mmoja. Huwafikia wote kumi katika wiki moja, na siku ambayo kila mmoja anataka kupokea hakuna wa kutoa. Hata mfuko wa takaful, ungekuwa na wachangiaji wa Garissa peke yao, ungekauka pamoja na malisho yao. Kwa sababu hiyo mfuko nao huchangia mfuko mkubwa zaidi, uitwao retakaful, unaokusanya hatari za nchi na za namna mbalimbali, ili ukame wa hapa ulipwe na mahali ambapo mwaka huo hapakuwa na ukame. Kumbukeni tulikotoka: tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo. Hakuna upatu wa kijiji unaoweza kubeba hayo.

Sasa niseme ambayo bima hii haiyawezi, kwa sababu malalamiko mengi huzaliwa hapa.

Mbuzi akifa kwa sotoka au kwa homa ya mapafu, hakuna malipo. Akiibwa au akiliwa na fisi, hakuna malipo. Zikija mvua kama zile za mwishoni mwa 2023, zilizofurika kambi za Dadaab na kuzitoa familia katika makazi yao, hakuna malipo. Wala msishangae, kwa maana setilaiti wakati kama huo huona ardhi imejaa kijani. Bima ya ukame imekwenda kwa ukame tu. Chanjo ya mifugo bado ni yako kuigharimia.

La pili ni gumu zaidi. Kipimo husomwa kwa eneo zima, na eneo hilo ni pana. Mvua ya huku mnaijua, hunyesha upande mmoja wa barabara ikaacha wa pili. Yawezekana upande wako umekauka kabisa, lakini sehemu nyingine ya eneo lako la kipimo imechanua, na wastani ukatoka kuwa mzuri. Utaangalia boma lako, uangalie simu yako, na hutaona malipo. Hilo likitokea si wizi wala si kosa la wakala. Ni kasoro ya bima yenyewe, na kila anayejiunga ajue kwamba yaweza kumkuta. Kinyume chake nacho hutokea, ukalipwa na mbuzi wako wote wamenona.

Kisha kuna mathenge. Mti huu wenye miiba, ulioletwa ili kuzuia mchanga, umejaa Garissa na pembezoni mwa kambi. Mizizi yake huenda chini sana, na hubaki kijani wakati kila kitu kimekauka. Mbuzi hula maganda yake, lakini majani yake huyakwepa. Setilaiti haijui mbuzi anapenda nini. Inaona kijani tu. Mathenge yaliyokuwako tangu zamani hayaharibu hesabu sana, kwa kuwa eneo hulinganishwa na nafsi yake. Yanayozidi kuenea mwaka hadi mwaka ndiyo yanayoweza kuifanya nchi ionekane ina malisho kuliko ya zamani, hali malisho yamepungua. Wazee wanaojua nyanda zao wakiona eneo lao limevamiwa, waseme wakati wa baraza la uandikishaji, kwa sababu mipaka ya maeneo na namna ya kupima hupitiwa upya, na asiyesema hasikiwi.

Kuhusu wakati: uandikishaji hufunguliwa mara mbili, Januari na Februari kabla ya Gu, na Agosti na Septemba kabla ya Dayr. Mvua zikianza kutarajiwa mlango hufungwa, wala haufunguliwi kwa machozi. Sababu ni nyepesi: mtu akiruhusiwa kujiunga baada ya kuona mawingu yamepita, watajiunga miaka mibaya pekee, na mfuko hautabaki na kitu. Anayekuja Novemba akiwa na pesa mkononi nitamrudisha nyumbani nazo, na wakala atakayezipokea mwezi huo, mkimbieni.

Hadhari ya mwisho ni ya kina mama hasa, nayo ni kuhusu jina na simu. Malipo huenda katika namba iliyoandikwa katika mkataba. Wanawake wengi hapa hutumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mume, kaka au jirani, na baadhi ya wakimbizi huazima laini ya mwenyeji kwa sababu ya vitambulisho. Siku ya malipo pesa humfikia mwenye laini. Yawezekana ni mtu mwema. Yawezekana pia amehamia Nairobi na laini imeshafungwa. Mbuzi wa mahari yako au wa urithi wako ni mali yako katika sharia, basi waandikishwe kwa jina lako, na kwa laini unayoweza kuithibitisha kuwa yako. Kama huna laini kwa jina lako, tuambie kabla ya kulipa mchango, tujue ni njia gani nyingine kampuni inaikubali. Ukibadilisha namba katikati ya mwaka, lete habari siku hiyo hiyo.

Juu ya ruzuku, nimeulizwa pia. Mwaka 2015 serikali ilianza mpango wake wa bima ya mifugo katika Turkana na Wajir, na baadaye ukafika kaunti nyingine za ukame, Garissa ikiwamo; humo kaya zilizochaguliwa zililipiwa mchango wote hadi vipimo vitano. Wengi waliozoea hayo hudhani kila bima ya mifugo ni ya bure. Mpango ninaowaandikia habari zake ni wa kuchangia. Ikiwapo ruzuku msimu fulani itatajwa katika karatasi, na mchango wako utaandikwa umepungua kiasi gani. Asije mtu akakwambia "serikali imelipa, nipe mimi nauli tu."

Anayetaka kujiandikisha dirisha litakapofunguliwa, aje na kitambulisho chake, namba ya simu iliyo kwa jina lake, na hesabu ya kweli ya wanyama wake. Amwombe wakala leseni yake ya Mamlaka ya Kudhibiti Bima aione kwa macho. Alipe kwa namba ya kampuni, si mkononi mwangu wala kwa simu yangu, na asiondoke bila ya risiti na karatasi inayotaja vitu vinne: jina lake, eneo lake la kipimo, vipimo vingapi, na kinga ya shilingi ngapi kwa kila msimu. Wasiojua kusoma tutawasomea mbele ya shahidi wamtakaye wenyewe. Nitakuwa barazani baada ya sala ya alasiri, na maswali yatakayotumwa kwa mhariri nitayajibu katika barua zijazo, inshallah.

Wassalaamu alaykum,
Wakala wenu, Ifo